Picha ya daftari nimetuma, mwalimu bado haoni nilipokosea

*Shikamoo Mwalimu,*

*Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa EGM, naishi Gongo la Mboto. Mwalimu wangu wa tuisheni anatufundisha Mwenge kila Jumamosi. Katikati ya wiki tunamtumia maswali kwa WhatsApp. Nilimpigia picha hesabu hii nikamwandikia, "Shikamoo mwalimu, hili swali limenigomea, naomba msaada." Mstari wa kwanza ndio swali lenyewe, mingine ni njia yangu:*

```
1)  (x + 3)/(x − 1) > 2
2)  x + 3 > 2(x − 1)
3)  x + 3 > 2x − 2
4)  −x > −5
5)  x < 5
```

*Kitabu kinasema jibu ni 1 < x < 5. Mwalimu akanijibu kwa sentensi moja: "Ukizidisha au kugawanya kwa hasi, alama inageuka." Mbona mstari wa mwisho nilishaigeuza! Nikadhani labda nimegeuza vibaya, nikairudisha, nikapata x > 5, ndiyo kwanza nikawa mbali zaidi na kitabu. Nataka nimwandikie tena kwa kifupi nimweleze nilipokosea, anielekeze. Ila sijui nilipokosea ni wapi, halafu naogopa nikimwambia jibu lake halikunisaidia ataniona sina adabu. Niandikeje?*

*Mwanafunzi, Gongo la Mboto*

Marahaba, mwanangu.

Mwalimu wako alisema kweli, na mstari wako wa tano nao ulikuwa sawa tangu mwanzo. Mmepishana kwa sababu yeye alikuwa anaisemea hasi isiyoonekana kwenye daftari lako, wewe ukaenda kuishika ile inayoonekana. Tutaifikia. Kwanza tupatafute palipoharibika, maana ujumbe unaotaka kuuandika hauna cha kusema mpaka hapo pajulikane. Na habari njema ni kwamba unaweza kupajua bila kuwa umeshaelewa kwa nini pameharibika. Wanafunzi wengi huyachanganya mambo haya mawili: kwa kuwa hawajui sababu, wanadhani hawana la kumwambia mwalimu zaidi ya "limenigomea". Sababu mwachie mwalimu. Mahali unapapata mwenyewe, kwa kalamu na dakika chache.

Tafuta namba moja ambayo jibu lako linaikubali na jibu la kitabu linaikataa. Jibu lako linakaribisha kila namba iliyo chini ya 5. Kitabu kinataka namba hiyo iwe pia juu ya 1. Kwa hiyo namba yoyote kuanzia 1 kushuka chini inawagombanisha. Mimi nachukua 0 kwa sababu haisumbui kukokotoa. Iweke mahali pa x kwenye kila mstari kuanzia juu, na kwa kila mstari jiulize jambo moja tu: hapa pamesemwa kweli au uongo?

```
1)  3/(−1) > 2    yaani  −3 > 2     uongo
2)  3 > 2(−1)     yaani   3 > −2    kweli
3)  3 > 0 − 2     yaani   3 > −2    kweli
4)  0 > −5                          kweli
5)  0 < 5                           kweli
```

Soma upande wa kulia kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza uongo, halafu ghafla kweli, ikabaki kweli mpaka mwisho. Njia ikiwa sawa haifanyi hivyo. Katika swali la namna hii kila mstari unatakiwa kusema jambo lile lile la mstari uliotangulia kwa sura nyepesi zaidi, kwa hiyo namba iliyokataliwa juu lazima ikataliwe na chini. Hapa 0 imekataliwa kwenye swali lenyewe, kisha ikapenya kati ya mstari wa 1 na wa 2. Basi mabano uliyafungua vizuri, kuhamisha ulihamisha vizuri, na alama mwishoni uliigeuza inavyotakiwa. Kosa lako liko moja tu, pale ulipoiondoa x − 1 kutoka chini ya mstari wa sehemu.

Fanya kipimo hicho hicho kwa lile jibu la pili, x > 5. Linakubali 6, kitabu kinaikataa. Ukiweka 6 kwenye swali unapata 9/5, yaani 1.8, ambayo si kubwa kuliko 2: uongo. Mstari wa 2 na wa 3 unasema 9 > 10: uongo. Wa 4 unasema −6 > −5: uongo. Wa 5 uliourekebisha unasema 6 > 5: kweli. Safari hii imegeuka kati ya wa 4 na wa 5. Maana yake kosa la kwanza ulilibakiza palepale lilipokuwa, ukaongeza jingine chini yake. Hiyo ndiyo hasara ya kurekebisha kabla ya kupima.

Namba ya kupimia ichague kwa makini kidogo. Ungechukua 3, ungeona kweli kwenye mistari yote mitano, ungefunga daftari ukiamini hakuna kosa. Namba 3 haina ushahidi wowote wa kutoa kwa sababu jibu lako na la kitabu wote wanaikubali. Inayotakiwa ni namba wanayogombania.

Na kama jibu la kitabu hulijui? Mitihani ya miaka iliyopita mingi mnaipata bila majibu, najua. Hapo pima jibu lako dhidi ya swali lenyewe, na uanzie kwenye namba zenye matata: sifuri, namba hasi moja, na namba yoyote inayofanya asili ya sehemu iwe sifuri. Katika swali lako namba hiyo ni 1. Ukiweka 1 unapata 4 gawanya kwa 0, kitu kisichokuwepo, lakini jibu lako x < 5 linaikaribisha 1 bila kusita. Hapo hapo ungejua kuna jambo, hata kama kitabu kimeazimwa na jirani.

Wakati mwingine mambo huenda kinyume: mstari wa juu unasema kweli, wa chini unasema uongo. Chukua x² = 3x. Wengi hugawanya pande zote kwa x, wanapata x = 3, wanapiga mstari mara mbili chini ya jibu na kuendelea na maisha. Kitabu kinasema majibu ni 0 na 3. Pima kwa 0: swali linasema 0 = 0, kweli; mstari unaofuata unasema 0 = 3, uongo. Hapa hakuna kilichopenya, kuna kilichodondoka, na kimedondoka pale ulipogawanya kwa x bila kuuliza kama x inaweza kuwa sifuri. Tofauti hii itaje kwenye ujumbe wako, kwamba jibu limezidi au limepungua. Mwalimu mzoefu akisikia "limepungua" anakwenda moja kwa moja pale ulipogawanya. Akisikia "limezidi" anatafuta ulipozidisha kwa kitu chenye x ndani yake, au ulipopandisha pande zote kwenye kipeo cha pili.

Kuna makosa ambayo kipimo hiki hakiyaoni. La kwanza ni kunakili vibaya. Ungekuwa umeandika x + 1 badala ya x − 1 tangu mstari wa kwanza, na hatua nyingine zote zikawa sahihi, mistari yote ingekubaliana yenyewe kwa yenyewe, na jibu lisingefanana na la kitabu hata kidogo. Ukiona mistari yote inaimba wimbo mmoja na kitabu kinaimba mwingine, rudi ukalinganishe mstari wa kwanza na swali lilivyochapwa, alama kwa alama. Lakini pia inawezekana kitabu ndicho kilichokosea, hasa vile vijitabu vya majibu vinavyodurufiwa na kuuzwa karibu na vituo vya daladala. Chukua namba inayokubaliwa na jibu la kitabu na kukataliwa na lako, iweke kwenye swali. Swali likiikataa, kitabu ndicho kimekosea, mwandikie mwalimu hivyo hivyo na namba yako mkononi.

Sasa tuje kwenye picha, maana nimeona nyingi na zinachosha macho. Mwalimu wako huenda anazifungua akiwa amesimama kwenye mwendokasi, simu mkono mmoja, bomba mkono mwingine. Picha iliyopigwa usiku chini ya taa ina kivuli cha simu yako katikati ya ukurasa, na kivuli hicho kina tabia ya kuangukia mstari muhimu kuliko yote. Piga mchana karibu na dirisha, daftari likiwa limelala mezani, simu ikiwa juu yake sawasawa, si ya kuinama. Andika kwa kalamu ya wino. Penseli iliyofifia haionekani, na alama ya kutoa huwa ya kwanza kupotea. Ukurasa mmoja, picha moja. Hakikisha haijalala ubavu kabla hujaituma. Na kwa kuwa WhatsApp huipunguza picha ubora ili iwe nyepesi, maandishi madogo yanaweza kutoka na ukungu: gusa alama ya `HD` kabla ya kutuma, au itume kama dokumenti. Bando litaliwa kidogo zaidi, lakini hutaulizwa "hiyo ni 2 au z?"

Weka namba pembeni ya kila mstari, kama ulivyofanya kwenye barua hii. Daftarini uliziweka pia, au umeziweka hapa kwa ajili yangu? Bila namba mwalimu analazimika kuandika "pale ulipohamisha ile ya katikati", na wewe unabaki kukisia ni ipi. Swali lilivyochapwa nalo liwe kwenye picha, au lipige picha yake, kwa sababu ya lile kosa la kunakili nililolitaja. Halafu usifute. Watu wanaona aibu kutuma mstari wenye kosa, wanaufuta kwa kifutio na kuandika mwingine juu yake. Kosa ndilo unalomwomba mwalimu aliangalie. Likate kwa mstari mmoja mwembamba ili bado lisomeke, andika lingine chini.

Ujumbe wenyewe uandike kwenye nafasi ya maneno chini ya picha hiyo hiyo, si baadaye kama ujumbe wa pili. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi akirudi saa tatu usiku anakuta picha yako iko juu, maneno yako yako chini, katikati zimeingia meseji za watu wengine kwenye kundi, na hajui maneno yapi ni ya picha ipi. Na hili la salamu: acha tabia ya kutuma "Shikamoo mwalimu" peke yake halafu kusubiri marahaba ndipo ueleze shida. Salamu ni lazima, nakubaliana na wazazi wako, lakini iende na shida yake kwa pamoja. Mwalimu akikuitikia saa sita mchana nawe ukaeleza swali saa kumi, siku imekwisha na hamjaanza.

Mimi ningeandika hivi:

*"Shikamoo mwalimu. Ni mwanafunzi wako wa EGM, wa Gongo la Mboto. Mistari kwenye picha nimeipa namba. Jibu langu ni x < 5, la kitabu 1 < x < 5, kwa hiyo langu limezidi. Nimepima kwa x = 0: mstari wa 1 ni uongo, kuanzia wa 2 ni kweli. Naona nimeharibu nilipozidisha kwa x − 1. Uliponiambia alama inageuka ukizidisha kwa hasi, nilidhani unasema mstari wa 5, nikaubadilisha. Nimepima nikakuta wa 5 ulikuwa sawa. Je, hasi uliyokuwa unaisema ni x − 1? Na kama sijui x − 1 ni hasi au chanya, mstari wa 2 niuandikeje? Naomba unielekeze hatua hiyo tu, mbele nitamalizia mwenyewe. Asante mwalimu."*

Badala ya EGM na mtaa weka jina lako. Kwenye simu ya mwalimu huenda umehifadhiwa kama namba tu. Yaliyobaki yapunguze upendavyo, lakini vitu vitatu usivitoe: majibu mawili yanayogombana, namba uliyopimia pamoja na mistari ilipogeukia, na swali moja linalojibika. Mwenye kusoma hayo hahitaji kufanya hesabu yako upya ili ajue uko wapi. Anaruka moja kwa moja kwenye mstari wa 2. Ujumbe wako wa kwanza ulimwachia kazi yote ya kutafuta, akaangalia haraka, akaona ugonjwa, akakupa dawa kwa sentensi moja akijua wewe utaona alichoona yeye. Hukuona.

Zingatia pia swali la mwisho kwenye ujumbe huo. Haliombi atatue. Ukimwandikia mwalimu "naomba unitatulie", atakutumia picha ya mistari yake sita iliyonyooka, utaisoma, utaitikia kwa kichwa, na kesho swali lenye x + 4 chini litakukamata palepale. Ukiuliza kuhusu hatua moja, atakueleza hatua hiyo. Kama ni mtu wa kuchoka kuandika, mwombe akutumie sauti. Hatua moja inaelezeka kwa sauti vizuri, hesabu nzima haielezeki.

Kuhusu adabu, nimesoma hofu yako na naielewa. Kumwambia mwalimu "jibu lako halikunisaidia" kweli kunakwaruza. Lakini tazama jinsi ilivyo kwenye ujumbe: uliponiambia hivi, nilidhani hivi, nikafanya hivi, nikapima nikakuta hivi. Hakuna lawama humo ndani. Kuna taarifa ya njia ambayo maneno yake yalipita mpaka yakafika kwako, na taarifa hiyo ni ya thamani sana kwake, kwa sababu atagundua kwamba pale aliposema "hasi" wewe ulikwenda kwenye −x. Hangejua hilo kwa njia nyingine yoyote. Kinachomkera mwalimu ni kuulizwa swali lile lile kwa maneno yale yale, kana kwamba hakujibu. Hicho ndicho cha kuogopa. Na usipojibiwa jioni hiyo usimtumie alama za kuuliza mfululizo. Subiri mpaka kesho yake, ikifika Jumamosi nenda na daftari.

Atakujibu kwa njia yake, lakini siwezi kukuacha na njaa, wala wenzako wanaosoma hapa.

Ukizidisha pande zote mbili kwa namba chanya, alama ya > inabaki ilivyo. Ukizidisha kwa hasi, inageuka. Wewe ulizidisha kwa x − 1, na x − 1 haina hali moja. Kama x ni 4, x − 1 ni 3, chanya. Kama x ni 0, x − 1 ni −1, hasi, na hakuna alama yoyote ya kutoa mbele yake ya kukustua. Mstari wako wa 2 uliiacha alama bila kuigeuza, maana yake ulikata shauri kimyakimya kwamba x − 1 ni chanya, yaani x ni kubwa kuliko 1. Hilo sharti hukuliandika, kwa hiyo mwishoni likapotea. Lirudishe mahali pake: x kubwa kuliko 1, na x ndogo kuliko 5. Ndiyo 1 < x < 5 ya kitabu. Hesabu yako ilikuwa nusu ya njia sahihi.

Nusu ya pili ni kuuliza: je, x ikiwa ndogo kuliko 1? Hapo x − 1 ni hasi, alama inageuka mara tu unapozidisha, unapata x + 3 < 2x − 2, yaani 5 < x. Lakini tumeshasema x iko chini ya 1. Namba iliyo chini ya 1 na wakati huo huo juu ya 5 haipo, basi upande huo hautoi kitu. Usiuruke kwa kuwa hautoi kitu. Kwenye maswali mengine unatoa, na msahihishaji anataka kuona umeuangalia.

Njia hii ya hali mbili ni nzuri kuelewea, ila kwenye mtihani mimi napendelea nyingine, ambayo haizidishi chochote kwa x − 1. Leta 2 upande wa kushoto, unganisha ziwe sehemu moja:

```
(x + 3)/(x − 1) − 2 > 0
(x + 3 − 2x + 2)/(x − 1) > 0
(5 − x)/(x − 1) > 0
```

Sasa swali limekuwa dogo: sehemu hii ni chanya lini? Ni chanya pale juu na chini zinapokuwa zote chanya au zote hasi. Chora mstari wa namba, weka alama kwenye 1 na kwenye 5, upate vipande vitatu. Kushoto ya 1, juu ni chanya, chini ni hasi, sehemu ni hasi. Kati ya 1 na 5, zote chanya, sehemu ni chanya. Kulia ya 5, juu ni hasi, chini ni chanya, sehemu ni hasi tena. Kipande cha katikati ndicho jibu. Angalia mstari wa pili hapo juu: kutoa 2(x − 1) kunaleta − 2x + 2, na ile + 2 ndiyo watu wanaiandika − 2 kwa haraka. Ukiiharibu hapo, kipimo cha namba kitakuonesha: weka 2, ulinganishe mstari huo na ule wa juu yake.

Malizia kwa kupima mipaka yenyewe, kwa sababu haimo katika vipande hivyo vitatu. Kwenye 5 unapata 8/4, yaani 2, na 2 si kubwa kuliko 2, kwa hiyo 5 iko nje. Kwenye 1 chini kunakuwa sifuri, nayo iko nje. Mwalimu akikugeuzia swali Jumamosi likawa na ≥ badala ya >, 5 inaingia na 1 inaendelea kubaki nje: 1 < x ≤ 5.